Nyimbo zinachangwa lakini si sawasawa: dalili, chanzo na marekebisho

Kosta ya Arusha–Moshi ina flashi yenye nyimbo 20. Kila gari likiwashwa, programu ya kupiga muziki inasoma orodha ile ile kuanzia wimbo wa 1 hadi wa 20, inaichanga, kisha inaanza kupiga. Wimbo mpya ukipatikana unawekwa mwisho wa orodha. Baada ya muda dereva analeta lalamiko: wimbo mpya unachelewa kusikika. Abiria wa kushuka Usa River, ambaye anasikia kama nyimbo 6 za mwanzo tu, anashuka kabla haujapigwa.

Lalamiko la namna hii linaweza kuwa na msingi au likakosa msingi, na kwa kusikiliza tu hutajua. Sikio la mtu linakumbuka kinachomkera na kusahau mengine. Kwa hiyo kabla ya kugusa mstari wowote wa msimbo, pima. Kipimo chenyewe kinachukua dakika chache, na namba zinazotoka zinakuonyesha kosa lilipo.

## Kipimo cha nyimbo tatu

Kuchanga sawasawa maana yake ni kwamba kila mpangilio unaowezekana una nafasi sawa ya kutokea. Nyimbo 3 zina mipangilio 6: ABC, ACB, BAC, BCA, CAB na CBA. Nyimbo 20 zina mipangilio mingi kupita kiasi, trilioni mara milioni 2.4 hivi, hivyo huwezi kuihesabu mmoja mmoja. Ndiyo sababu tunapima kwa nyimbo 3: kosa la msimbo ni lile lile, lakini hapa linaonekana lote.

Chukua kipande kinachochanga kwenye programu yako, kiite `changa`, kisha kiendeshe mara 27,000:

```python
from collections import Counter
hesabu = Counter()
for _ in range(27000):
    a = ["A", "B", "C"]
    changa(a)
    hesabu["".join(a)] += 1
print(hesabu)
```

Angalia mstari wa `a = ["A", "B", "C"]` ulivyokaa ndani ya mzunguko. Ukiutoa nje, kila duru itachanga matokeo ya duru iliyotangulia, na upendeleo utajificha: mchango mbovu ukirudiwa maelfu ya mara juu ya matokeo yake wenyewe, hesabu zinaelekea kulingana. Kosta yetu haifanyi hivyo. Kila inapowashwa inaanza upya na orodha ile ile, kwa hiyo kipimo nacho kianze upya kila mara.

Kama kila kitu kiko sawa, kila mpangilio utatokea mara 4,500 hivi. Kupanda au kushuka kwa 60 ni jambo la kila siku, na hata 120 si ajabu. Ukiona 4,000 au 5,000, hiyo si bahati tena.

Usiridhike na kuhesabu tu kila wimbo umekaa mara ngapi katika kila nafasi. Ukikata karata, yaani ukachukua fungu la juu na kuliweka chini, kila karata inaweza kupata kila nafasi kwa usawa. Lakini karata 52 zilizokatwa hivyo zina mipangilio 52 tu, na majirani ni wale wale. Hesabu mpangilio mzima.

## Dalili: mipangilio mitatu iko karibu 4,000 na mitatu karibu 5,000

Hili ndilo kosa linalokutwa mara nyingi kuliko yote, na ndilo lililo kwenye kosta yetu. Msimbo wake unaonekana wa haki kabisa, na mtu anayeusoma haraka atauidhinisha:

```python
import random
def changa(a):
    n = len(a)
    for i in range(n):
        j = random.randrange(n)
        a[i], a[j] = a[j], a[i]
```

Unapita kila nafasi, na kila nafasi inabadilishana na nafasi yoyote ile iliyochaguliwa kwa bahati. Tatizo liko wapi?

Tufuatane hatua kwa hatua na nyimbo 3. Hatua ya kwanza: A, aliyeko nafasi ya kwanza, anabadilishana na nafasi yoyote kati ya 3, akiwemo yeye mwenyewe. Tunapata ABC, BAC au CBA. Hatua ya pili: nafasi ya katikati inabadilishana na yoyote kati ya 3. Sasa tumeshapita njia 9, na tukizihesabu tunakuta ABC mara 2, BAC mara 2, BCA mara 2, halafu ACB, CBA na CAB mara 1 kila mmoja. Hatua ya tatu inaigawa kila njia katika tatu nyingine. Jumla ni njia 27, zote zenye nafasi sawa, na zinaishia hivi:

```
ABC 4    ACB 5
CAB 4    BAC 5
CBA 4    BCA 5
```

Chukua karatasi uzihakiki mwenyewe, maana ukiziona zikijipanga kwa mkono wako hutasahau. Lakini hata bila kuzihesabu jibu lingejulikana. Njia 27 haziwezi kugawanywa sawa kwa mipangilio 6, kama vile machungwa 27 hayawezi kugawiwa watoto 6 bila mmoja kupata zaidi ya mwenzake. Bahati ya kompyuta ikiwa safi kiasi gani, hesabu yenyewe inakataa.

Na haikatai kwa nyimbo 3 pekee. Kwa nyimbo 20 njia ziko 20 zikizidishwa zenyewe mara 20. Namba hiyo imejengwa kwa 2 na 5 tu, haigawanyiki kwa 3. Idadi ya mipangilio ya nyimbo 20 inagawanyika kwa 3. Kwa hiyo njia hazitagawanyika sawa kamwe. Karata 52 nazo ni hivyo hivyo: 52 ni 2 mara 2 mara 13, hakuna 3 ndani yake.

Hapa ndipo dawa ya haraka inapokwama. Watu wengi wakigundua kosa wanauendesha mzunguko mara mbili au mara kumi ili uchanganye zaidi. Ukiuendesha mara mbili kwa nyimbo 3 unapata njia 729, na 729 gawanya kwa 6 ni 121 na nusu. Upendeleo unapungua, hauishi, na unalipa muda zaidi kwa kazi ambayo ingefanyika sawa kwa mara moja.

### Upendeleo unamwangukia nani

Njia hii haikosei ovyo. Inapendelea kwa mpangilio unaotabirika, na ndiyo maana dereva aliuhisi. Wimbo wa kwanza kwenye orodha unatendewa haki: hatua ya kwanza inautupa popote kwa usawa, na hatua zinazofuata haziharibu usawa huo. Nafasi ya mwisho nayo iko salama, kwa kuwa hatua ya mwisho inaijaza na wimbo wowote kwa usawa. Shida iko kwa zinazobaki, na wimbo wa mwisho wa orodha ni mfano mzuri kwa sababu hesabu yake ni nyepesi.

Wimbo wa 20 unangoja hatua zote 19 zipite kabla zamu yake haijafika. Katika kila hatua kuna nafasi moja kati ya 20 kwamba nafasi inayoshughulikiwa itauvuta. Ukivutwa mapema, mfano hatua ya 1, unapelekwa mbele kabisa, lakini unapaswa kunusurika hatua 19 zaidi bila kuvutwa tena kwenda nyuma. Ukivutwa hatua ya 19, unapaswa kunusurika hatua moja tu. Kwa hiyo nafasi za mbele zinaupoteza na nafasi za nyuma zinaushika.

Kwa namba: kwa haki, wimbo wa 20 ungefungua safari mara 5 katika kila 100. Kwa njia hii unafungua mara 3.8 tu. Kukaa nafasi ya 19 kunapanda kutoka 5 hadi 6.6. Na kuwa ndani ya nyimbo 6 za mwanzo, zile za abiria wa Usa River, kunashuka kutoka safari 30 katika 100 hadi 24. Basi lalamiko lina ukweli. Wimbo mpya ulikuwa unacheleweshwa, kwa sababu mbili zilizokutana: msimbo mbovu, na desturi ya kuuweka wimbo mpya mwisho wa orodha.

Ukitaka kuyaona haya kwenye mashine, changa orodha ya nyimbo 20 mara 20,000, kila mara ukianza na orodha ya awali, na uhesabu wimbo wa 20 umetua wapi. Haki ni mara 1,000 kila nafasi, ikicheza kwa 30 hivi. Njia mbovu itakupa karibu 755 kwa nafasi ya kwanza na karibu 1,327 kwa nafasi ya 19.

### Marekebisho

Fikiria upatu wa watu 12 wanaopiga kura ya nani apokee mwezi gani. Majina yanaingia kapuni. Mwezi wa kwanza unachomolewa kati ya karatasi 12, wa pili kati ya 11 zilizobaki, wa tatu kati ya 10. Karatasi iliyokwisha kutoka hairudi kapuni. Hakuna mwanachama atakayekubali kwamba, baada ya kutangazwa mwezi wa kwanza, jina lake lichukuliwe tena na kupelekwa mwezi wa tisa kwa sababu mkono umelirudia. Msimbo mbovu unafanya hivyo hasa: unazirudia nafasi zilizokwisha kujazwa.

Njia sahihi ni kapu lile lile, ila kapu na mstari wa waliotoka vinakaa ndani ya orodha moja. Ronald Fisher na Frank Yates waliieleza mwaka 1938 kwa ajili ya kazi ya kalamu na karatasi, na Richard Durstenfeld akaiandika kwa kompyuta mwaka 1964 kwa mtindo huu unaotumika hadi leo:

```python
import random
def changa(a):
    for i in range(len(a) - 1, 0, -1):
        j = random.randrange(i + 1)
        a[i], a[j] = a[j], a[i]
```

Tunaanzia mwisho wa orodha. Nafasi ya mwisho inachagua wimbo kati ya zote 20, ikiwemo wenyewe uliopo hapo. Baada ya kubadilishana, nafasi hiyo imefungwa, haiguswi tena. Nafasi ya 19 inachagua kati ya 19 zilizobaki, na kuendelea hivyo hadi ibaki mbili. Kwa nyimbo 3 njia ni 3 mara 2, yaani 6, na kila moja inaishia kwenye mpangilio wake. Njia sita kwa mipangilio sita, hakuna anayezidi.

Kumbuka kwamba nafasi kwenye msimbo zinahesabiwa kuanzia 0, na `randrange(i + 1)` inatoa namba kuanzia 0 hadi `i` yenyewe. Ile `+ 1` ndogo imeharibu programu nyingi, na inafuata hapa chini.

Kama unaandika kwa Python na huna sababu ya kujiandikia, tumia `random.shuffle(a)`, ambayo inafanya kazi hii hii.

## Dalili: mipangilio miwili tu inatokea, BCA na CAB

Hesabu inatoka 13,500 kwa 13,500 hivi, na mingine minne haimo kabisa. Kwenye orodha ndefu dalili ni hii: hakuna wimbo hata mmoja unaobaki kwenye nafasi yake ya awali, hata uchange mara elfu.

Chanzo ni `randrange(i)` badala ya `randrange(i + 1)`. Kila nafasi imenyimwa ruhusa ya kujichagua yenyewe. Wapo wanaoandika hivi kwa makusudi, wakidhani wimbo kubaki palepale ni dalili ya kutochanganyika. Sivyo. Katika mchango wa haki, kwa wastani wimbo mmoja unabaki nafasi yake, iwe orodha ina nyimbo 20 au 200. Ukiukataza, unatupa mipangilio mingi halali: kwa nyimbo 3 unabaki na 2 kati ya 6, kwa nyimbo 20 unabaki na mmoja katika kila 20.

Kanuni hii ina kazi yake. Sandra Sattolo aliieleza mwaka 1986 kama njia ya kupata mipangilio ambayo ni duara moja, na inafaa kwa mfano mkipeana zawadi mwisho wa mwaka na hamtaki mtu ajipe mwenyewe. Kwa nyimbo na karata ni kosa. Rudisha `+ 1`.

## Dalili: ABC na BAC zinafika karibu 6,750, mingine minne karibu 3,375

Hapa hakuna kubadilishana nafasi kabisa. Mtu ameomba orodha ipangwe kama anavyopanga majina kwa alfabeti, ila kila nyimbo mbili zikilinganishwa jibu linatoka kwa bahati. Kwenye JavaScript inaonekana hivi:

```javascript
a.sort(() => Math.random() - 0.5)
```

Ni mstari mmoja, mfupi, na umenakiliwa sehemu nyingi sana. Ubovu wake unategemea mashine inavyopanga kwa ndani, kwa hiyo namba zako zinaweza kutofautiana na hizo za juu. Hizo zinatoka kwenye upangaji wa kuingiza, ule ambao kila wimbo unalinganishwa na jirani wa mbele yake, ukimshinda unasogea, ukishindwa unakaa. Tazama kinachompata wimbo wa 20. Mlinganisho wa kwanza ni sawa na kurusha sarafu: nusu ya mara anabaki nafasi ya 20. Kusogea moja tu ni robo. Ili afungue safari lazima ashinde mara 19 mfululizo, yaani mara moja katika 524,288. Kosta ikienda na kurudi kila siku, safari 730 kwa mwaka, itachukua miaka zaidi ya 700 kwa wastani.

Kosa hili limewahi kuonekana hadharani. Mwaka 2010 Microsoft ilitakiwa kuwaonyesha watumiaji wa Ulaya ukurasa wa kuchagua kivinjari, na vivinjari vikuu vipangwe kwa bahati ili kisipendelewe chochote. Ukurasa ulichanga kwa mtindo huu, na waliopima wakakuta nafasi hazigawanyiki sawa hata kidogo. Ulirekebishwa.

Tiba ni kuufuta mstari huo na kuweka mzunguko sahihi. Kwa JavaScript namba ya bahati inapatikana kwa `Math.floor(Math.random() * (i + 1))`.

## Dalili: ACB na CAB zinafika 6,750, ingawa mzunguko unaonekana sahihi

Mzunguko uko sawa kweli. Kilichoharibika ni namna ya kupata `j`. Mtu ameandika `Math.round(Math.random() * i)`, akakadiria kwenda namba iliyo karibu badala ya kukata desimali. Kwa `i` ya 2, kila kilicho chini ya 0.5 kinakuwa 0, cha kati ya 0.5 na 1.5 kinakuwa 1, kilichozidi hapo kinakuwa 2. Namba 1 imepata nusu ya uwanja, na 0 na 2 zimepata robo kila moja. Daima namba za pembeni mbili zinapata nusu ya haki ya zile za katikati. Tumia `Math.floor` na `i + 1` kama hapo juu.

Lipo jamaa yake dogo kwenye vifaa vidogo. Kifaa kinatoa baiti ya bahati, 0 hadi 255, nawe unachukua baki baada ya kugawanya kwa 20. Baiti zina thamani 256, na 256 ni 12 mara 20 na baki 16. Kwa hiyo namba 0 hadi 15 zinapatikana kwa njia 13, na 16 hadi 19 kwa njia 12 tu. Tofauti ni ndogo, na kipimo cha nyimbo 3 hakitaiona kirahisi. Tiba ni kuitupa baiti yoyote ya 240 au zaidi na kuomba nyingine. Usijaribu kuisogeza iingie, itupe.

## Dalili: mpangilio ni mzuri, lakini ni ule ule kila gari likiwashwa

Kipimo kinapita vizuri kabisa, kila mpangilio 4,500, lakini asubuhi ya Jumatatu na ya Jumanne kosta inafungua na nyimbo zile zile kwa mfuatano ule ule. Kuchanga hakuna kosa. Namba za bahati za kompyuta zinazalishwa kwa hesabu kutoka namba ya kuanzia, inayoitwa mbegu, na mbegu ikiwa ile ile, namba zote zinazofuata ni zile zile.

Kwenye Arduino hili ni la kawaida: `random()` inaanza na mfuatano ule ule kila umeme unapowashwa, hadi uipe mbegu kwa `randomSeed()`. Njia inayotumika sana ni kusoma pini ya analogi ambayo haijaunganishwa na kitu, `randomSeed(analogRead(A0))`, na kwa muziki wa kwenye gari inatosha, ingawa kusoma mara moja kunaweza kutoa namba zinazokaribiana. Kwa redio iliyojengwa mwenyewe, namna nzuri zaidi ni kuhifadhi namba kwenye kumbukumbu ya kudumu, kuiongeza moja kila ikiwashwa, na kuitumia kama mbegu. Python yenyewe inachukua mbegu kutoka kwenye mfumo wa kompyuta, hivyo ukiona dalili hii tafuta mstari wa `random.seed` ambao mtu aliuacha wakati wa majaribio.

Kwa karata za fedha, mbegu ni jambo zito zaidi. Mbegu ya biti 32 ina thamani 4,294,967,296. Karata 52 zina mipangilio ambayo idadi yake ina tarakimu 68. Hata mzunguko ukiwa sahihi kiasi gani, mbegu hiyo itafikia tone tu la bahari. Mwaka 1999 wataalamu wa usalama wa Marekani walionyesha hatari hii kwenye programu ya kuchezesha poka mtandaoni ambayo msimbo wake wa kuchanga ulikuwa umechapishwa ili kuwathibitishia wachezaji kwamba ni wa haki. Walikuta msimbo unazirudia nafasi zilizokwisha kujazwa kama ilivyo kwenye kosta yetu, wakakuta pia mbegu imetolewa kwenye saa, kwa milisekunde tangu usiku wa manane. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000 tu. Kwa kuziona karata chache za mwanzo na kukisia saa ya seva, waliweza kujua karata za kila mchezaji.

Kwa hiyo ukichanga kitu chenye fedha ndani yake, hata zamu za upatu, tumia `random.SystemRandom().shuffle(a)`. Inachukua bahati moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa kompyuta na haina mbegu ya kukisia. Kwa upatu wa watu 12, hata hivyo, kapu na karatasi zilizokunjwa sawa mbele ya wanachama wote bado ni bora, maana kila mtu anaona kwa macho yake.

## Dalili: kipimo kimepita, lakini nyimbo za msanii mmoja zinafuatana

Tuseme umesharekebisha kosta. Namba zote ni 4,500. Wiki ijayo dereva anarudi: "Nyimbo mbili za mtu mmoja zimefuatana tena. Hii kitu bado mbovu."

Sio mbovu. Kati ya nyimbo 20, kama 4 ni za msanii mmoja, mipangilio ambayo hakuna zake mbili zinazogusana ni 49 katika kila 100. Katika 51 zinazobaki angalau mbili zinakaa jirani. Yaani zaidi ya nusu ya safari zitakuwa hivyo, na ni haki iwe hivyo. Mtu anapowaza mchanganyiko anawaza vitu vilivyotawanywa kwa mkono, na bahati haitawanyi kwa mkono. Vivyo hivyo wimbo uliofunga duru iliyopita unaweza kufungua duru inayofuata, mara moja katika kila 20.

Usirudi kwenye mzunguko na kuanza kuukorogea masharti. Mweleze dereva kwamba anachotaka ni kitu kingine: orodha iliyotawanywa, ambamo baadhi ya mipangilio imekatazwa. Spotify walieleza mwaka 2014 kwamba waliacha kuchanga kwa usawa kamili kwa sababu ya malalamiko ya aina hii, wakaanza kuwatenganisha wasanii. Ni ombi halali kwa muziki. Namna rahisi ya kulitimiza bila kuingiza upendeleo mwingine ni kuchanga kwa njia sahihi, kukagua kama nyimbo za msanii mmoja zimegusana, na zikigusana kuitupa orodha nzima na kuchanga upya tangu mwanzo. Kwa mfano huu wa nyimbo 4 kati ya 20, utachanga kama mara mbili kwa wastani, na mipangilio yote iliyoruhusiwa itabaki na nafasi sawa. Ukijaribu badala yake kuhamisha tu wimbo unaosumbua, umerudi kwenye kosa la mwanzo kwa mlango mwingine.